Kwa nini grafu yako haikusomwa, na namna ya kuiandika kwa maneno

*Nimeandaa ripoti ya mwaka ya kliniki yetu kwenye Word, nikaigeuza PDF na kuituma kwa wajumbe wote wa kamati. Mjumbe mmoja haoni, anatumia kompyuta inayomsomea kwa sauti. Ameniambia maneno yote ameyapata, lakini kila alipofika kwenye grafu au picha alisikia neno "graphic" tu, na grafu moja ilimtajia namba ovyoovyo. Kwangu grafu zote zinaonekana safi. Kwa nini hazisomwi? Niandike maneno gani badala yake, na marefu kiasi gani?*

Fanya jaribio dogo kabla hujasoma zaidi. Fungua ile PDF uliyoituma, bonyeza `Ctrl+A` kuchagua kila kitu, kisha `Ctrl+C`, halafu ufungue Notepad na ubandike. Kinachotokea hapo kinakaribia sana kile alichokipata mjumbe wako. Utaona aya zako zote, vichwa vya habari, pengine hata namba za kurasa. Mahali pa grafu ya kwanza hutaona kitu: aya ya juu yake na ya chini yake zimeungana kana kwamba katikati hapakuwahi kuwa na chochote.

Sababu ni namna faili inavyohifadhi vitu. Unapoandika neno "Januari", faili haihifadhi umbo la neno hilo. Inahifadhi herufi, kila moja kwa namba yake, na maumbo yanachorwa baadaye kwenye skrini. Programu ya kusoma skrini haiangalii skrini kama unavyoiangalia wewe. Inachukua zile herufi na kuzigeuza sauti. Picha haina herufi. Ni jedwali kubwa la nukta za rangi, na hata kama kati ya nukta hizo jicho lako linaona neno "Januari", kwa faili pale pana nukta nyeusi zilizojipanga juu ya nukta nyeupe, basi. Kwa hiyo programu inafanya kitu pekee cha kweli inachoweza kufanya: inamwambia msikilizaji kwamba hapa pana picha, kisha inaendelea.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Faili ya `.docx` ni zip iliyovaa jina jingine. Tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina kuwa `.zip`, uifungue. Utakuta folda `word`, ndani yake faili `document.xml` yenye maandishi yako yote, na folda `media` yenye picha zako: `image1.png`, `image2.png` na kuendelea. Maandishi na picha vinakaa mbalimbali. Ndani ya `document.xml` pameachwa alama tu inayosema "hapa weka picha ile", na alama hiyo ina nafasi moja ya maneno:

```xml
<wp:docPr id="4" name="Picture 4" descr=""/>
```

Ile `descr` iliyo tupu ndiyo iliyomnyima mjumbe wako grafu. Ukiijaza, maneno utakayoweka ndiyo yatakayosomwa picha inapofikiwa. Ukigeuza hati kuwa PDF kwa njia sahihi, maneno hayo yanahamia huko pia.

Ile grafu iliyomtajia namba ovyoovyo ina kisa tofauti, na inafaa kuelezwa kwa sababu watu wengi huidhania kuwa imesomeka. Naamini hiyo hukuibandika kama picha. Uliichora ndani ya Word yenyewe, au uliihamisha kutoka Excel ikabaki kuwa chati halisi. Chati ya namna hiyo inapoingia kwenye PDF, mistari na nguzo zinakuwa michoro, ila maandishi yaliyoizunguka yanabaki kuwa herufi. Kama PDF haikuwekewa muundo wa kuiambia programu "haya yote ni kitu kimoja, ni grafu", programu inaokota zile herufi moja baada ya nyingine. Mjumbe wako alisikia kitu kama "0, 100, 200, 300, 400, 500, Jan, Feb, Mac, Apr". Hizo ni namba za mhimili wima zikifuatwa na majina ya mhimili mlalo. Hakuna hata moja kati yake inayosema ni watu wangapi walifika kliniki Februari. Hilo lilisemwa na urefu wa nguzo, na urefu wa nguzo si herufi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitegemee kwamba msikilizaji atajisaidia kwa programu ya kutambua herufi ndani ya picha. NVDA, ambayo ni programu ya bure ya kusoma skrini kwenye Windows, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wawili wasioona, ina amri ya kufanya hivyo: `NVDA+R`, ambapo kitufe cha NVDA kwa kawaida ni `Insert`. Ni msaada mkubwa kwa barua iliyoskaniwa. Kwa grafu inarudisha yale yale: namba za pembeni, majina ya chini, na kichwa cha grafu. Mstari wenyewe, unaopanda na kushuka, haumo, na mstari ndio uliokufanya uchore grafu.

Sasa tuje kwenye maneno. Kuweka maandishi mbadala, yaani maneno ya kujaza ile `descr`, ni kazi ya dakika moja. Kuyaandika vizuri ndiko kunakotaka akili. Kwenye Word bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague `View Alt Text`, au `Edit Alt Text` kwenye matoleo mengine. Kwa chati halisi, bofya ukingo wake wa nje ili uishike yote. Ukibofya nguzo moja ndani yake, menyu itakayotokea ni ya nguzo hiyo na hutaona chaguo hilo. Kwenye Google Docs ni `Ctrl+Alt+Y` baada ya kuichagua picha. Kisanduku kitafunguka upande, na cha Word chenyewe kinapendekeza sentensi moja au mbili.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili: "Grafu inayoonyesha mahudhurio ya kliniki kwa mwezi." Nami niliwahi kuliandika. Miaka ya mwanzo nilituma hati nikiwa na fahari kwamba kila picha ina maelezo, na msomaji mmoja asiyeona akanijibu kwa swali fupi: "Yanaonyesha nini?" Nilikuwa nimempa lebo ya chupa bila kilichomo. Alijua sasa kwamba pana grafu ya mahudhurio, jambo ambalo kichwa cha grafu kilikuwa kimeshamwambia, na hakujua kama watu waliongezeka au walipungua. Tangu siku hiyo, kila ninapomaliza kuandika maelezo ya grafu najiuliza swali lake.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Namba hizi nimezitunga, weka zako mahali pake. Una grafu ya mstari ya watu waliofika kliniki kila mwezi kwa mwaka mmoja: Januari 410, Februari 395, Machi 402, Aprili 388, Mei 290, Juni 265, Julai 310, Agosti 405, Septemba 430, Oktoba 441, Novemba 452, Desemba 398.

Anza kwa kujiuliza kwa nini uliiweka grafu hii badala ya kuandika jumla ya mwaka peke yake. Bila shaka ni kwa sababu ya lile shimo la katikati ya mwaka. Hilo ndilo la kutangulizwa, kwa sababu anayesikiliza hawezi kurusha jicho mpaka mwisho na kurudi. Anapokea neno baada ya neno kwa mpangilio uliomchagulia wewe, na kama jambo lenyewe liko mwisho, atakuwa amebeba namba sita kichwani bila kujua ni za nini. Maandishi mbadala ninayoweza kuandika ni haya:

"Grafu ya mstari: idadi ya waliofika kliniki kila mwezi. Ilikuwa karibu 400 hadi Aprili, ikashuka mpaka 265 mwezi Juni, kisha ikapanda hadi 452 mwezi Novemba. Maelezo na jedwali viko chini ya grafu."

Aina ya grafu nimeitaja kwa maneno mawili. Wengine huiona haina faida kwa asiyeona. Mimi huiweka, maana kwenye mkutano mtu atasema "tazameni ile grafu ya mstari ukurasa wa 6", na mjumbe wako naye anatakiwa ajue ni ipi. Neno "picha ya" sikuliweka, kwa kuwa programu yenyewe imeshasema "graphic" kabla ya kusoma maneno yangu. Na sikujaza namba zote 12. Kwenye programu nyingi maandishi mbadala husomwa kama fungu moja, na kurudi nyuma sentensi moja au kusimama kwenye namba moja ili uisikilize tena ni vigumu kuliko kwenye aya ya kawaida. Maelezo marefu mahali pake ni ndani ya hati yenyewe, kama aya, ambako kila mtu anaweza kuyafikia. Aya hiyo ingeweza kuwa hivi:

"Kuanzia Januari hadi Aprili waliofika kwa mwezi walikuwa kati ya 388 na 410. Mei walishuka hadi 290, na Juni wakawa 265, idadi ndogo kuliko zote za mwaka. Ukilinganisha na Aprili, huo ni upungufu wa watu 123, karibu theluthi moja. Julai walianza kuongezeka, Agosti wakarudi kwenye kiwango cha mwanzo wa mwaka, na ongezeko likaendelea hadi Novemba walipofika 452, idadi kubwa kuliko zote. Desemba walishuka tena hadi 398."

Tazama nilivyoipanga. Sikuupitia mwezi mmoja mmoja, nimeigawa grafu katika vipande ambavyo jicho lingevigawa: tambarare, mteremko, kupanda, mteremko mdogo wa mwisho. Kila kipande kimepata namba zake za mwanzo na mwisho, na ile ya chini kabisa na ya juu kabisa nimezitaja kwamba ndizo. Mtu akisikia aya hii anaweza kuuchora mstari ule kwa kidole mezani, na utafanana na wako. Desemba sikuiacha, ingawa ingekuwa hadithi nzuri zaidi kuishia kwenye 452. Anayeona anaiona Desemba, kwa hiyo na anayesikia aipate.

Kuna jambo hapa linalohusu haki, na naomba ulitazame kwa makini. Programu za kuchora chati mara nyingine huanzisha mhimili wima mahali pengine pasipo sifuri. Tuseme grafu yako inaanzia 250. Juni yenye 265 itaonekana imegusa sakafu, na jicho litasema kliniki ilibaki tupu. Ukiandika kwa kuangalia umbo tu utaandika "iliporomoka kabisa", na msikilizaji hana mhimili wa kuutazama akajirekebisha. Theluthi moja si kuporomoka kabisa. Kwa hiyo andika ukiwa umefungua jedwali la namba, wala usiandike ukiwa umeangalia mchoro peke yake. Neno kama "sana", "ghafla" au "kidogo" lifuatwe na namba inayolibeba, au liondolewe. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi nimegundua kasoro ya grafu yangu mwenyewe wakati nikiiandika kwa maneno: nikakuta maneno hayakubaliani na mchoro, nikarudi kuusahihisha mchoro.

Mpaka mwingine ni sababu. Huenda unajua kwamba Mei na Juni daktari alikuwa likizo. Grafu haijui. Kama utaandika ndani ya maelezo ya grafu kwamba watu walipungua kwa sababu daktari hakuwepo, anayeona ataweza kutenganisha kilichopimwa na unachokidhani, kwa sababu mchoro uko mbele yake. Asiyeona atapokea vyote viwili kama kitu kimoja. Sababu iandike, ni muhimu, lakini iandike kwenye aya yake inayofuata, kwa jina lako kama mwandishi wa ripoti.

Chini ya aya weka jedwali la namba zote 12. Liwe jedwali halisi la Word, lisiwe picha ya skrini uliyoipiga kwenye Excel, maana utakuwa umerudi pale pale ulipoanzia. Kwenye jedwali halisi mjumbe wako anatembea kisanduku kwa kisanduku. Kwa NVDA anashika `Ctrl+Alt` na kubonyeza mishale. Ili kila akihama asikie pia jina la safu, chagua mstari wa kwanza wa jedwali, nenda kwenye kichupo cha `Layout` cha jedwali na ubonyeze `Repeat Header Rows`. Usiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja kwa ajili ya urembo, kwani hesabu ya safu inavurugika na msikilizaji anapotea njia. Wajumbe wanaoona nao hulitumia jedwali hili. Mtu akitaka kujua Septemba ilikuwa ngapi hasa, mstari kwenye grafu haumpi jibu.

Grafu zako nyingine zifuate mwendo huo huo kwa ufupi zaidi. Chati ya nguzo isomeke kuanzia kundi lenye watu wengi kwenda lenye wachache kama mpangilio wa makundi hauna maana, na kwa mpangilio wake kama unayo, mfano makundi ya umri. Chati ya duara yenye vipande vinne inamalizwa na sentensi moja yenye asilimia nne, na mara nyingi ukishaiandika sentensi hiyo utaona duara lenyewe halikuhitajika. Kama grafu ina mistari miwili, iite kwa majina ya vitu vyake, "wanawake" na "wanaume", badala ya "mstari mwekundu" na "wa buluu". Rangi kwa asiyeona haimpeleki popote, na aliyechapisha ripoti kwa wino mweusi naye hazioni.

Picha za kamera ni ngumu kwa namna nyingine, kwa kuwa picha ina vitu mia na kimoja tu ndicho kilichokufanya uiweke. Tuseme ni picha ya ukuta wa kliniki wenye ufa. Kama ripoti inaomba fedha za ukarabati, andika: "Ufa kwenye ukuta wa chumba cha kujifungulia, unaoanzia kona ya juu ya dirisha na kupanda kwa mshazari hadi darini. Plasta imebanduka pande zote mbili." Kalenda iliyotundikwa pembeni, rangi ya ukuta na mtu aliyesimama mlangoni viache. Picha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye ukurasa wa kumshukuru muuguzi mkuu aliyesimama mlangoni, ufa ndio utakaoachwa. Maelezo sahihi ya picha hayatoki kwenye picha peke yake, yanatoka kwenye kazi uliyoipa picha ndani ya hati. Ndiyo maana maneno ambayo Word huyapendekeza yenyewe, yanayoishia na kumbusho kwamba yametengenezwa na programu, usiyaache yalivyo. Yanaweza kusema pana ukuta na dirisha, lakini hayajui unaomba fedha za nini.

Nembo ya kliniki iliyojirudia juu ya kila sehemu na mistari ya mapambo havihitaji maelezo. Weka alama kwenye `Mark as decorative` ndani ya kisanduku kile kile. Kuacha tupu na kuweka alama hiyo ni mambo mawili tofauti: ukiacha tupu, msikilizaji anasikia kwamba kuna picha na anabaki akijiuliza kama amekosa jambo. Ukiweka alama, programu inajua hapana la kusoma na inapita.

Umeshaandika, lakini kazi inaweza kuharibika kwenye hatua mbili za mwisho. Ya kwanza ni mahali picha ilipokaa. Word inaruhusu picha ielee juu ya ukurasa huku maneno yakiizunguka. Inapendeza machoni, ila picha inayoelea inaweza kurukwa, au kusomwa mahali pasipo pake, kwa kuwa haimo ndani ya mfuatano wa maneno. Bofya picha, fungua `Layout Options`, chagua `In Line with Text`. Vivyo hivyo usiandike maelezo ya grafu ndani ya kisanduku cha maandishi kinachoelea, yaandike kama aya ya kawaida.

Ya pili ni ugeuzaji wa PDF, na nadhani hapa ndipo ile grafu yako ya namba ovyoovyo ilipopatia ajali. Ukitumia amri ya kuchapisha na kuchagua `Microsoft Print to PDF`, unatoa kitu kama karatasi: sura inabaki, muundo unapotea, na maandishi mbadala yako yote yanapotea nao. Tumia `Save As`, chagua PDF, fungua `Options`, na uhakikishe `Document structure tags for accessibility` ina alama. Hapo chati inaingia kwenye PDF ikiwa na lebo kwamba ni kielelezo kimoja, maneno yako yakiwa yamefungwa nayo. Na kama hapana sababu ya lazima ya PDF, mtumie mjumbe wako faili ya Word yenyewe. Watu wengi wanaotumia visoma skrini wataifurahia zaidi, kwa sababu vichwa vya habari na majedwali vinabaki kuwa rahisi kutembea ndani yake.

Kukagua ni mara mbili. Ndani ya Word, kichupo cha `Review` kina `Check Accessibility`, nayo itakuonyesha kila picha isiyo na maelezo na kila kinachoelea. Ila ujue mpaka wake: inaona kama kisanduku kimejazwa, haioni kama kimejazwa maneno ya maana. Ukiandika "picha" itaridhika. Kwa hiyo sakinisha NVDA kwenye kompyuta yako, fungua menyu yake ya `Tools` na uwashe `Speech Viewer`, ambayo huandika kwenye dirisha kila neno linalotamkwa, msaada mkubwa kwa sikio lisilozoea kasi ile. Kisha fungua ripoti, ukiwa kwenye Word bonyeza `NVDA+Space` kuingia hali ya kuvinjari, na kila ukibonyeza `G` utarukia picha inayofuata. Sikiliza ukiwa umegeuza uso pembeni. Sentensi ikikuchosha kabla haijaisha, ni ndefu mno, na ikiisha ukiwa bado na swali lile la "yanaonyesha nini?", ni fupi mno.

Mwishowe mpigie mjumbe wako ukiwa umeshamtumia toleo jipya. Usimuulize kama grafu sasa zinasomeka, kwa adabu atakujibu ndiyo. Muulize mwezi gani kliniki ilipokea watu wachache zaidi, na walipungua kwa kiasi gani kutoka Aprili. Akijibu Juni, karibu theluthi moja, ameiona grafu yako. Akisitasita, muulize alipoteleza wapi, na urudi kwenye sentensi hiyo.